Daftari la Makosa ya Hisabati
Safu ya kila Jumamosi, na Mwalimu Hamadi Shekue

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu hapa Tanga, alirejea nyumbani na karatasi yake ya mtihani wa hisabati iliyokwisha kusahihishwa, yenye alama 58 katika 100, naye, kama wafanyavyo aghalabu ya wenziwe, aliitazama ile alama, akaikunja karatasi mara nne na kuitia katikati ya kitabu, na huko ingalikaa hata ikachanika lau nisingalimwomba aitoe tuiangalie pamoja. Nilimwomba kwa sababu moja: karatasi za mtihani wa taifa hazirudishwi kwa mtahiniwa, na hivyo hizi za darasani, zenye wino mwekundu wa mwalimu juu ya mwandiko wa mtoto mwenyewe, ndizo hati pekee atakazopata kuziona kabla ya siku ile zinazomwonyesha ni mahali gani hasa fikira yake huacha njia.

Najua kuwa shuleni yapo yale yaitwayo masahihisho, na mimi niliyesomesha miaka mingi niliyadai kwa ukali. Lakini sasa naona kuwa tulidai kitu pungufu. Mwalimu hufanya swali ubaoni, wanafunzi huinakili kazi yake neno kwa neno, daftari hukusanywa na kutiwa sahihi, na mwanafunzi aliyekosa hubaki na jawabu sahihi lisilo lake, ilhali kosa lililo lake hasa halikuandikwa popote. Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe halifanyi hivyo, kwani kila mwaka hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ikieleza waliokosa walikosa wapi na kwa nini, na hata kuonyesha mifano ya kazi zao mbovu. Nilitaka mtoto huyu awe na taarifa ya namna hiyo, ya mtahiniwa mmoja tu.

Basi tulichukua daftari jipya, tukatumia kurasa mbili zinazotazamana kwa kila kosa. Ukurasa wa kushoto aliliandika swali kama lilivyokuwa, na chini yake kazi yake mwenyewe pamoja na ubovu wake, bila kuifuta wala kuirembesha, kisha akapigia mstari ule mstari wa kwanza uliopotoka, kwa kuwa yote yafuatayo ni matokeo tu. Ukurasa wa kulia ulikuwa na mambo matatu: aina ya kosa, ufumbuzi uliosahihishwa, na kinga, yaani maneno machache ya kumzuia asirudie.

Swali la kwanza alilokosa lilitaka thamani ya x katika 3(x − 2) − 2(x − 5) = 9. Alikuwa ameandika 3x − 6 − 2x − 10 = 9, akapata x = 25. Nilipomwuliza aina ya kosa alijibu upesi, "Hili nalijua, babu, ni uzembe tu," akataka kuandika neno hilo. Nikamzuia. Neno "uzembe" ndilo linaloyaua madaftari ya namna hii, kwa maana humwachia mtoto heshima ya kuwa alijua, wala halimwambii afanye nini kesho. Nikamwambia aache nafasi wazi, twende mbele.

Ukurasa wa tatu wa mtihani tulikuta mlinganyo wa sehemu, (x + 3)/2 − (x − 1)/3 = 4. Hapa alizidisha kila upande kwa 6 vizuri kabisa, lakini akaandika 3x + 9 − 2x − 2 = 24, na jawabu lake likawa 17. Tukayaweka maswali haya mawili sambamba juu ya meza, naye akayatazama kitambo, kisha akaweka kidole juu ya − 10 katika la kwanza na juu ya − 2 katika la pili. Maswali ni ya mada mbili mbali, na mwalimu aliyatoza alama mbali mbali, lakini kosa ni moja: alama ya kutoa iliyotangulia mabano ilimfikia jirani wa kwanza ndani ya mabano, ikamsahau wa pili. Lililotokea mara mbili katika karatasi moja, kwa sura moja, si uzembe bali ni mazoea, na mazoea yana jina. Aliandika kwenye aina: "Alama ya kutoa kabla ya mabano haikugeuza kila kilichomo ndani." Ndipo akaufanya upya ufumbuzi: 3x − 6 − 2x + 10 = 9, yaani x + 4 = 9, na x ni 5; na katika la pili, 3x + 9 − 2x + 2 = 24, na x ni 13. Nilimtaka ayarudishe majawabu katika milinganyo ya asili, kwa kuwa ufumbuzi usiohakikiwa haustahili kuandikwa upande wa kulia: 16 kwa 2 ni 8, 12 kwa 3 ni 4, na 8 kutoa 4 ni 4.

Ikabaki kinga. Kwanza aliandika, "Nitakuwa makini na alama." Nikamwuliza kama nitaweza kuona kwa macho, katika karatasi ya mtihani ujao, kwamba alikuwa makini. Akanyamaza. Kinga iliyo kinga ni tendo linaloacha dalili kwenye karatasi, tena linalofungamana na mahali maalumu pa hatari, na baada ya kulifikiri tulikubaliana hivi: kila aonapo alama ya kutoa mbele ya mabano, azidishe kwanza huku mabano yangaliko, aandike (3x − 6) − (2x − 10), ndipo katika mstari unaofuata ayafungue. Ni mstari mmoja wa ziada. Utamlia sekunde kumi, na kama haumo kwenye karatasi nitajua, naye atajua, kuwa kinga haikutumika.

Kosa lililonishughulisha zaidi ni jingine, ambalo ndani yake hapakuwa na tarakimu hata moja iliyokosewa. Mfanyabiashara aliuza baiskeli kwa shilingi 46,000, akapata faida ya asilimia 15; alinunua kwa kiasi gani? Mtoto alitafuta asilimia 15 ya 46,000, akapata 6,900, akaitoa, akaandika 39,100. Hesabu zote ni safi. Hapa nilikumbuka utaratibu wa Anne Newman, mtaalamu wa Australia aliyeandika mwaka 1977 kuwa mwanafunzi anayefanya hesabu ya maneno hupita milango mitano, kusoma, kufahamu, kugeuza maneno kuwa hesabu, kuifanya hesabu, na kuandika jawabu, na kwamba ni lazima ujue alianguka kwenye mlango upi kabla ya kumsaidia. Njia yake ni kumwuliza mtoto kwa mpangilio huo huo: nisomee swali, niambie linataka nini, nionyeshe utafanyaje, lifanye, niandikie jawabu.

Mjukuu wangu alilisoma swali bila kigugumizi, kwa Kiingereza, kama yanavyoandikwa maswali yote ya hisabati katika shule zetu za sekondari. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili linasema nini, alinijibu, "Amepata faida ya asilimia 15 ya pesa alizouzia." Hilo neno la mwisho halimo katika swali. Alilitia yeye, kwa kuwa swali halikutaja asilimia hiyo ni ya kitu gani, na idadi iliyokuwa karibu na macho yake ilikuwa 46,000. Ningalimpa mazoezi ishirini ya asilimia yasingalimfaa kitu, maana asilimia anazijua. Asichokijua ni kuwa faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Aina ya kosa ikaandikwa: "Kufahamu: asilimia ya nini?" Na ufumbuzi: bei ya kununulia ni 100, faida ni 15, kwa hiyo 46,000 ni 115 katika mia ya bei hiyo, na bei yenyewe ni 46,000 × 100 ÷ 115, yaani 40,000. Asilimia 15 ya 40,000 ni 6,000, na jumla inarudi 46,000. Ilhali asilimia 15 ya 39,100 ni 5,865, ambayo hairudi.

Si kila kilichopigwa mkasi kwa wino mwekundu kinastahili kuingia katika daftari hili. Swali zima la vekta aliliacha wazi, naye alikiri kuwa hakulielewa somo lile tangu mwanzo. Hilo si kosa la kuandikiwa kinga, ni somo la kurudiwa kitabuni, na kulijaza daftari kwa mambo kama hayo ni kulifanya zito hata lisifunguliwe. Kwa upande wa pili, tuliingiza swali moja lililopewa alama zote, kwa kuwa aliniambia mwenyewe kuwa alibahatisha. Kosa moja lilituchukua kama robo saa, nasi tuliandika sita tu kwa jioni mbili.

Daftari hili lisipofunguliwa tena ni masahihisho yale yale kwa jina jipya. Kwa hiyo baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki mbili, tulifunika kazi mbovu na ukurasa wote wa kulia kwa karatasi, akalifanya swali upya kwenye kipande kingine, na mimi nikabadili namba ili asije akalikumbuka jawabu. Mabano aliyapata mara zote tatu, na ule mstari wa ziada ulikuwapo. Lile la faida alilipata mara mbili. Mara ya tatu nikaligeuza kuwa hasara: ameuza kwa 34,000, akapata hasara ya asilimia 15. Akaandika 34,000 × 100 ÷ 115, akapata 29,565 na desimali zisizokwisha, akaniangalia.

Tulirudi kwenye kinga aliyoiandika siku ile, nami niliyeipitisha nikaona aibu, kwani ilisema: "Gawanya kwa 115." Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya swali, si kwa ajili ya kosa. Akaikata kwa mstari mmoja, bila kuifuta, na chini yake akaandika tarehe na maneno haya: "Andika 100 chini ya bei ya kununulia kwanza. Kisha uliza: bei ya kuuzia iko juu ya 100 au chini yake?" Halafu akaweka 100 chini ya bei asiyoijua, akaweka 85 chini ya 34,000, na kabla sijasema neno akapata 40,000.