Mita mia mbili kabla ya Lubumbashi

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita zipatazo 120, zote za lami kwenye barabara ya taifa namba 1. Mtu mzima mwenye miguu yake huamka, akapanda basi dogo, akalala kidogo njiani na kushuka mjini. Kambo mwenye nyonga iliyoisha, aliyepewa karatasi ya transferi kwa daktari bingwa wa Sendwe au wa kliniki za chuo kikuu, huenda asiifikie hata hiyo lami. Safari yake hukwama kati ya mlango wa nyumba na kituo cha magari. Ikipona hapo, inaweza kukwama tena upande wa pili, kati ya kituo cha Lubumbashi na benchi la kungojea daktari.

Ndiyo maana wakaaji wa Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe wanaombwa jambo moja: wasafirishe wazee wao wawili wawili, na kila avenyu iwe na daftari la randevu.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mama mmoja wa Kikula ana randevu Jumanne kwa ajili ya nyonga, na mzee wa avenyu ya pili anatakiwa huko huko kwa ajili ya macho. Kila mmoja anahitaji mtu wa kumsindikiza. Wakienda mbalimbali, kila familia hulipa nafasi mbili, kisha hulipa tena wa kuwafikisha kituoni na wa kuwatoa kituoni. Wakienda pamoja, watu hao wanne wanajaza gari dogo la abiria wanne. Shofere hapotezi kiti hata kimoja, kwa hiyo familia zina nguvu ya kumwambia aje mlangoni na awashushe kwenye geti la hospitali, kwa nyongeza ndogo ya mafuta. Bei ya kurudi wapatane naye siku hiyo hiyo, na awangoje. Daktari akichelewa na gari limekwishaondoka, wazee watarudi usiku katikati ya malori ya madini.

Kinachokosekana ni familia hizo mbili kujuana. Hapo ndipo wanapohitajika mareko, wale wajitolea wa afya ambao tayari huzunguka nyumba kwa nyumba siku za chanjo. Katika daftari, reko anaandika vitu vinne tu: siku ya randevu, hospitali, simu ya msindikizaji, na kama mzee anaweza kukunja goti. Ugonjwa wenyewe hauandikwi, kwa sababu ni siri ya mgonjwa. Familia yenye randevu inayoweza kusogezwa inapiga simu mapema, kabla ya kulipa chochote, ili siku zilingane.

Vijana wa avenyu nao wana kazi yao: kumtoa mzee ndani hadi garini. Kumnyanyua kwa makwapa kunaweza kumuumiza mabega, na kiti cha plastiki huweza kupasuka miguu. Kinachofaa ni kiti imara cha mbao chenye egemeo. Mmoja anasimama nyuma na kushika egemeo, mwingine mbele anashika miguu ya kiti, wanakiinamisha nyuma kidogo na kutembea pamoja, mikono ya mzee ikiwa mapajani. Njia ikiwa na mteremko au tope la masika, wa tatu anatangulia kuonyesha pa kukanyaga.

Garini, mwenye nyonga anakaa mbele, kiti kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa. Anatanguliza makalio, kisha miguu inaingizwa yote miwili pamoja. Mfuko wa plastiki juu ya kiti humsaidia kuzunguka bila kujikwaruza, na huondolewa kabla ya kuondoka. Wazee wengi huacha kunywa maji tangu jana yake kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Wakifika wana kizunguzungu, na vipimo vya damu vinaweza kuchafuka. Heri kukubaliana na shofere tangu mwanzo kwamba atasimama njiani, tuseme Kapolowe-Gare, na kumwuliza muuguzi saa ya kumeza dawa ya kukojoza siku ya safari.

Katiba ya nchi, katika kifungu cha 49, inawapa watu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na sheria ya Mei 2022 inawatetea wenye ulemavu. Hakuna kati ya hizo itakayokuja na kiti cha mbao.

Salongo ya Jumamosi inatosha kuanzia. Baada ya kufagia mifereji, kila avenyu ichague kiti kimoja, vijana watatu na nyumba ya kuwekea daftari, kisha vijana wapite njia ya kila mzee hadi pale gari linapoweza kufika na kufukia mashimo yake.