MAMBO YA NYUMBANI: Jiko moja, mama wawili



Wengi wenu mnakaa katika nyumba za kupanga. Mnajua basi kwamba ugomvi wa lupango hauanzi kwa jambo kubwa. Huanza kwa majivu yasiyozolewa, au kwa kamba ya nguo. Leo twataka kuwasimulia jinsi mwenye lupango mmoja wa Katuba, katika mji wa Lubumbashi, alivyowapatanisha wapangaji wake wawili. Yeye mwenyewe alituonyesha mahali, akaturuhusu kuandika, mradi tusitaje majina.

Katika lupango lake mna nyumba mbili ndogo. Ya mbele yakaa mama mmoja mjane, ambaye majirani humwita Mama Mikate, kwa sababu hukaanga mikate na kuwauzia wanafunzi asubuhi. Ya nyuma yakaa Mama Mapasa pamoja na mumewe, watoto watatu wa shule na mapacha wa miezi saba. Jiko ni moja: kibanda cha mabati chenye kutosha mbabula moja na mtu mmoja kuinama. Kamba ya kuanikia nguo nayo ni moja, imefungwa toka mwembe hadi ukutani, nayo yapita mbele ya mlango wa jiko.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba, kabla ya kucha, mwenye lupango aliamshwa na makelele. Mama Mikate alikuwa ameondoa vitambaa vya mapacha kambani, kwa maana vilidondosha maji juu ya unga wake. Kimoja kilianguka matopeni. Mama Mapasa alipokiona alikamata ndoo na kumwaga maji juu ya makala ya mwenzake. Sufuria ya mafuta ya moto ilikuwa juu ya mbabula. Kama maji yangaliingia katika mafuta yale, moto ungaliruka juu na kumchoma Mama Mikate usoni, na labda mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mwenzake.

Mwenye lupango hakukata neno usiku ule. Alitwaa sufuria, akaiweka mbali, akasema tu: «Mama zangu, kila mmoja aingie kwake. Kesho nitawasikiliza.» Alifanya vema. Mtu akiulizwa katikati ya hasira hutaja makosa ya miaka yote, na yule anayelia zaidi huonekana kuwa na haki.

Kesho yake alikwenda kwa kila mmoja, akifuatana na mkewe. Hakuuliza: «Nani alianza?» Aliuliza: «Mama, nisimulie siku yako toka kuamka mpaka kulala. Wahitaji moto saa ngapi, na kwa muda gani?» Akaandika majibu katika daftari la shule. Mama Mapasa alipoanza kusema kwamba mwenzake hutia kitu katika chungu chake, alimjibu kwa upole: «Niambie uliyoyaona kwa macho yako, mama.» Mama hakuwa ameona kitu. Neno lile halikuandikwa.

Tena alikuwa na majaribu mawili. Mume wa Mama Mapasa alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, lakini Mama Mikate hulipa siku yake na kila asubuhi humletea mwenye lupango mikate mitatu ya bure. Ni nani asingeona upande wa kuelekea? Yeye aliikataa mikate mpaka shauri liishe. Na kwa habari ya deni alisema: «Hilo ni neno la mimi na mumewe. Jiko ni neno jingine.»

Siku ya tatu aliamka mwenyewe saa 10 ya usiku, akakaa uani na kutazama. Aliona kwamba Mama Mikate huwasha moto saa 10 na kumaliza kukaanga saa 12 asubuhi. Mama Mapasa ahitaji moto toka saa 11 na robo, apate kuwapikia uji watoto wa shule. Basi wagombania dakika 45 tu! Saa nyingine zote jiko ni wazi. Akaona pia kwamba moshi wa makala yanayowashwa watoka mlangoni na kupita moja kwa moja katika kamba, hata vitambaa vya watoto vyanuka mafuta, na Mama Mapasa huvifua mara ya pili. Ugomvi wa jiko na ugomvi wa kamba ulikuwa mmoja.

Lakini mbona walikaa kwa amani mpaka Novemba? Mwenye lupango alifikiri sana, halafu akatambua. Wote wawili waliingia wakati wa kiangazi: mmoja Mei, mwingine Agosti. Wakati ule kila mmoja aliweza kuweka mbabula yake nje chini ya mwembe, na nguo zilikauka popote. Mvua zilipoanza, wote wawili walikimbilia chini ya bati moja. Naye mwenyewe, alipowaonyesha nyumba, alimwambia kila mmoja: «Na jiko lile ni lako.» Kitu kimoja alikuwa amekipangisha mara mbili.

Siku ya Jumapili, baada ya Misa, aliwaita wote: Mama Mikate na dada yake, Mama Mapasa na mumewe, na mzee mmoja wa barabara awe shahidi. Alianza na kosa lake mwenyewe, kama mtu anayeungama. «Mama zangu, mimi niliwaahidi ninyi wawili kitu kimoja.» Alituambia kwamba baada ya neno hilo nyuso zao zilibadilika, kwa maana hakuna aliyebaki peke yake katika kosa. Halafu Mama Mapasa aliomba radhi kwa maji, na Mama Mikate kwa vitambaa.

Walipatana hivi. Mwenye lupango ataongeza mabati mawili na miti minne, ili mbabula ya pili ipate mahali pakavu. Atafunga kamba nyingine nyuma ya nyumba, upande usiofikiwa na moshi. Kila mama atazoa majivu yake kabla ya kutoka jikoni. Waliyaandika katika karatasi, wakatia sahihi, wakaahidiana majuma mawili ya kujaribu. Gharama ya mabati aliilipa mwenye lupango, na ni haki. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 yamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji atumie kwa amani kitu alichokipanga.

Je, majivu hayakusahauliwa tena? Yalisahauliwa mara moja, katika juma la kwanza. Mwenye lupango hakugomba. Alionyesha karatasi kwa kidole, akaenda zake. Mama wale hawakuwa marafiki wakubwa, nasi hatutawadanganya. Lakini husalimiana, na siku za mvua Mama Mikate huwaingizia watoto vitambaa vyao kabla havijalowa.

Ninyi wenye malupango, kabla ya kumpokea mpangaji wa pili, ingieni kwanza jikoni na kuhesabu: mvua ikinyesha, mbabula ngapi zaweza kukaa chini ya bati? Ikiwa ni moja, mwambieni mgeni ukweli huo siku ile ile anapokuja kuangalia nyumba, wala msingoje Novemba.