Sifa Iliyosahauliwa Katika Tangazo
Nimelisoma kwa taamuli tangazo la kumtafuta mwalimu wa mazoezi atakayefundisha hapa Kalimoni saa chache za jioni, na ingawa vyeti na tajiriba vimetajwa kwa tafsili, sikuona sharti la kujua kumhudumia aliyesimama moyo, yaani kumgandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo. Wala haikutajwa kazi ya kumhoji mgeni kabla hajaruka kamba: je, kifua humwuma akijitahidi, hushikwa na kizunguzungu, hutumia dawa za presha? Akijibu naam, kwanza aende kwa tabibu. Na asiyeweza kutamka sentensi nzima pasipo kutweta apunguziwe kasi, maana wengi wetu (nami nimo) hufika tumekwisha choshwa na barabara ya Thika.