Ukibadili laini, namba ya uthibitisho inakwenda kwa nani?

Mwezi Machi 2023 mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, uliacha kuwatumia wasiolipia namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi wa simu. Asiyetaka kulipa aliambiwa atumie njia nyingine, na iliyo rahisi zaidi ni programu ya uthibitisho inayokaa ndani ya simu yenyewe. Habari hiyo ilionekana kuwa ya watu wa mjini. Lakini swali lake linamgusa zaidi mtu wa kijijini mwenye laini tatu kwenye pochi: moja inashika mtandao shambani, nyingine ina bando la bei nafuu, na ya tatu ni ya kupokea pesa.

Tunazungumzia zile tarakimu sita ambazo Gmail au Facebook hukuomba baada ya kuandika neno la siri. Zikija kwa ujumbe mfupi, zinaifuata namba ya simu. Na namba ya simu si mali yako moja kwa moja. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni huifunga. Masharti yanatofautiana, ila miezi mitatu hivi ni kipimo cha kawaida. Baadaye namba ileile huuzwa kwa mteja mwingine. Hapa Tanzania mteja huyo ataisajili kwa alama zake za vidole, na kuanzia hapo huwezi kwenda dukani kuidai.

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wa Kilombero. Mwaka 2021 alifungua Gmail na Facebook kwa laini ya kwanza. Mwaka uliofuata mnara wa kampuni nyingine ukajengwa karibu na kijiji, akahamia huko, na laini ya zamani ikabaki kwenye kabati. Akaunti zake hazikumsumbua, kwa sababu simu ilikuwa ileile na hakuwahi kutoka. Siku simu ilipotumbukia majini akanunua nyingine. Neno la siri analikumbuka vizuri, lakini Gmail inamwambia namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia na 47. Laini hiyo ilishafungwa zamani.

Huo ni usumbufu. Hatari ni pale namba hiyo inapokuwa tayari mikononi mwa mtu mwingine. Facebook humruhusu mtu kutafuta akaunti kwa namba ya simu na kuomba atumiwe ujumbe wa kubadili neno la siri. Kijana aliyenunua laini hiyo akiwa mkoa mwingine anaweza kufika mlangoni mwa akaunti isiyo yake, hata kama hakuwa na nia mbaya.

Programu ya uthibitisho, kama Google Authenticator au Aegis, haijui laini yako. Siku ya kuiunganisha na akaunti, pande zote mbili huwekeana siri moja. Baada ya hapo simu huichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo, na kutoa tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30. Gmail nayo hufanya hesabu hiyohiyo upande wake, kisha inalinganisha. Ndiyo maana inafanya kazi bila bando, bila mtandao na hata bila laini yoyote ndani ya simu. Bando linahitajika siku ya kuipakua na kuiunganisha tu.

Wengi hukwama siku hiyo ya kuunganisha, kwa sababu maelekezo yameandikwa kwa mtu mwenye kompyuta. Gmail huonesha picha ya mraba yenye vidoa na kukutaka uipige kwa kamera. Mwenye simu moja atapigaje picha kioo cha simu hiyohiyo? Njia ipo. Fungua myaccount.google.com, ingia Security, kisha 2-Step Verification, kisha Authenticator. Chini ya ile picha kuna maneno "Can't scan it?". Ukiyabonyeza utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Unakili, fungua programu ya uthibitisho, chagua "Enter a setup key", ubandike hapo, na mahali pa aina uache "Time based". Programu itaanza kutoa tarakimu. Rudisha sita za wakati huo kwa Gmail, kazi imekwisha. Mstari ule usimtumie mtu yeyote, maana aliye nao anaweza kutoa namba zilezile unazotoa wewe.

Ikitokea namba zinakataliwa kila mara, tazama saa ya simu kabla ya kulaumu programu. Betri ikiisha kabisa, simu nyingine hupoteza saa, na mtu huirekebisha kwa mkono. Kama simu inadhani iko London, saa itaonekana sawa kwa macho lakini ndani itakuwa imepotea kwa saa mbili au tatu, na hesabu haitalingana. Washa saa na tarehe za kujiweka zenyewe, pamoja na ukanda wa saa.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Angekuwa na programu, si nayo ingezama pamoja na simu? Ndiyo. Ujumbe mfupi unafuata namba, programu inafuata simu. Kwa hiyo anayebadili laini lakini anatunza simu moja atafaidika na programu. Anayebadilisha simu kila mara, au anayetumia simu moja na ndugu zake, yuko kwenye hatari ya aina nyingine. Tangu Aprili 2023 Google Authenticator inaweza kuhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google, lakini ikiwa akaunti uliyofungiwa nje ndiyo hiyo, nakala nayo iko ndani.

Kinachookoa hapo ni karatasi. Kwenye ukurasa uleule wa 2-Step Verification kuna "Backup codes": namba kumi za akiba, kila moja yenye tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu. Ziandike kwa kalamu na uziweke unapoweka cheti cha kuzaliwa. Ukizipiga picha kwa simu hiyohiyo, zitapotea nayo.

Kuna hatua ambayo tumeona watu wengi wakiiruka. Kuweka programu hakufuti namba ya zamani. Ile ya 47 bado imeandikwa kwenye akaunti, na bado inaweza kutumiwa ujumbe. Itafute sehemu mbili: kwenye hatua ya pili ya uthibitisho, na kwenye "Recovery phone". Ifute au uiweke laini unayoitumia kweli. Facebook nayo ikaguliwe hivyohivyo, na ifanyike ukiwa bado umo ndani ya akaunti.

Programu haisaidii kwenye pesa za simu, ambazo zimefungwa kwenye laini yenyewe na namba yako ya siri. WhatsApp nayo husajiliwa kwa namba ya simu, hivyo kabla ya kuitupa laini ingia Settings, Account, kisha Change number, huku ya zamani ikiwa bado hai. Na ikiwa unachohama ni kampuni tu, tangu Machi 2017 inawezekana Tanzania kuhamia kampuni nyingine ukiwa na namba yako ileile. Omba huduma hiyo dukani kwa kampuni unayohamia, kabla laini ya zamani haijafungwa.