Tangazo la Pambano Lililoahirishwa ni Hati ya Deni

Masika yanapoingia, wapenzi wa mpira wa miguu huanza kusikia tangazo ambalo maneno yake hayabadiliki. Pambano lililokuwa lichezwe leo limeahirishwa kwa sababu ya mvua kubwa. Litachezwa tarehe fulani. Kuhusu wale waliokwisha kununua tiketi, utaratibu utatangazwa baadaye. Tangazo hilo likisomwa, waandalizi huhesabu kwamba wametimiza wajibu wao, na mashabiki huambiwa kwamba mvua ni kazi ya Mwenyezi Mungu, haina wa kulaumiwa.

Ni kweli kwamba mvua haina wa kulaumiwa. Lakini fedha zilizokwisha kuingia katika sanduku la waandalizi hazikuletwa na mvua. Zililetwa na wananchi. Aliyenunua tiketi amelipia kitu ambacho hajapewa, na tangu dakika ile pambano linapoahirishwa, waandalizi ni wadeni wake. Kwa hiyo tangazo la kuahirisha si habari tu ya michezo. Ni hati ya deni, na hati ya deni isiyosema deni litalipwaje, lini na wapi, haimfai anayedai.

Kwanza hatuna budi kutofautisha maneno matatu ambayo matangazo mengi huyachanganya. Pambano linaahirishwa pale linapoondolewa katika siku yake kabla ya kuanza. Linasimamishwa pale mwamuzi anapolikatiza kwa muda ili mvua ipungue. Linavunjika pale linapokuwa limeanza lakini haliwezi kumalizika. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu inampa mwamuzi uwezo wa kusimamisha au kuvunja pambano, na Sheria ya 7 inasema kwamba pambano lililovunjika litarudiwa, isipokuwa kama kanuni za mashindano au waandalizi wameamua vinginevyo. Sheria hizo hazisemi neno lolote juu ya tiketi. Jambo hilo limeachiwa waandalizi, na ndiyo maana tangazo lao lina uzito mkubwa. Pambano likiahirishwa, mtazamaji hajaona kitu, na haki yake ni kamili. Likivunjika dakika ya 70, ameona sehemu kubwa, na hapo pana nafasi ya kubishana. Tangazo linaloita kila hali "kuahirishwa" huficha tofauti hiyo, na mara nyingi huificha kwa hasara ya mnunuzi.

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Tarehe 16 Oktoba, 2012, timu za taifa za Polandi na Uingereza zilikuwa zikutane mjini Warsaw katika mchujo wa Kombe la Dunia. Pambano lilipangwa kuanza saa 3 usiku. Uwanja ule ulikuwa mpya, na una paa la turubai linaloweza kufunguliwa na kufungwa kwa mitambo. Lakini paa hilo lina sharti moja: halisogezwi mvua ikiwa inanyesha. Siku ile liliachwa wazi. Mvua ikaja, na ilipokwisha kuja, paa halikuweza kufungwa tena. Mwamuzi alishuka uwanjani na kuujaribu mpira juu ya majani. Mpira haukubingirika, ulinasa katika madimbwi. Pambano likaahirishwa, huku maelfu ya watu wakiwa wamekwisha kukaa katika viti vyao.

Lilichezwa siku ya pili yake, Jumatano, saa 11 jioni, na timu zikatoka sare ya bao 1 kwa 1. Wako watakaosema kwamba watazamaji hawakupoteza kitu, maana pambano lilichezwa. Tusiiharakie hoja hiyo. Mtu aliyenunua tiketi ya saa 3 usiku alikuwa amechagua saa ambayo ametoka kazini. Saa 11 jioni, katikati ya juma, mwalimu yuko shuleni au njiani kutoka shuleni, muuguzi yuko zamu, na aliyetoka mji mwingine au nchi nyingine amekwisha kukata tiketi ya kurudi kwao. Kumwambia mtu huyo kwamba tiketi yake bado ni halali ni kumpa kitu ambacho hawezi kukitumia. Uhalali wa tiketi ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni ruhusa ya kusema, "Siku hiyo mpya siiwezi, nirudishieni fedha yangu."

Jambo hili haliko mbali nasi. Tarehe 23 Aprili, 2024, pambano la ligi kati ya JKT Tanzania na Yanga, hapa Dar es Salaam, liliahirishwa kwa sababu uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo ulikuwa umejaa maji. Lilichezwa kesho yake. Hapa pia ilikuwa Jumanne kwenda Jumatano, yaani siku mbili za kazi. Kwa kupanga ratiba, kucheza kesho yake ni jambo la busara, maana timu ziko palepale na ligi haichelewi. Lakini kadiri siku mpya inavyokuwa karibu, ndivyo watu wengi zaidi wanavyoshindwa kujipanga upya, na ndivyo haja ya kurudisha fedha inavyokuwa kubwa.

Wamarekani, katika mchezo wao wa besiboli, walilitatua tatizo hili mapema. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 tiketi zao zilikuwa na kipande cha kubaki nacho. Mvua ikiharibu mchezo, mtazamaji alirudi siku nyingine na kipande chake, akaingia bila kulipa. Ubora wa utaratibu huo ni kwamba ahadi ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya wingu kutanda. Mnunuzi hakulazimika kungoja hisani ya mtu.

Leo tiketi zetu nyingi si za karatasi. Mtu hulipa kwa simu, na mlangoni hugusisha kadi kwenye mashine. Njia hiyo imepunguza tiketi bandia, lakini imeleta mtego mpya ambao waandalizi hawana budi kuufahamu. Mashine ikikwisha kuisoma kadi, huihesabu tiketi kuwa imetumika. Mvua ikiharibu pambano watu wakiwa wamekwisha kuingia, basi siku ya pili kadi zao zitakataliwa mlangoni, ingawa tangazo limesema kwamba tiketi ni halali. Hapo ndipo msukumano huanza, askari akimfukuza mtu mwenye haki yake. Kwa hiyo kabla ya tangazo kutoka, waandalizi wawe wamehakikisha kwa mwenye mitambo kwamba maingizo ya siku ya kwanza yatafutwa. Bila ya hatua hiyo ahadi ya tangazo haina nguvu.

Mitambo hiyohiyo, hata hivyo, inarahisisha kurudisha fedha. Kumbukumbu inaonyesha nani alilipa, kwa namba gani ya simu, na kiasi gani. Pambano likirudiwa kesho yake, hakuna haja ya kuwapanga watu foleni dirishani. Baada ya pambano, kila tiketi iliyolipiwa ambayo haikusomwa mlangoni siku ya pili inajulikana, na fedha yake inaweza kurudi kwenye simu ileile iliyolipa. Mtu hawezi kutazama pambano kisha akadai fedha, kwa sababu mlango umekwisha kutoa ushahidi. Pambano likiahirishwa kwa siku nne au tano, njia bora ni kupokea madai kabla ya siku mpya, ili kiti kilichorudishwa kiuzwe kwa mwingine na waandalizi wasipate hasara.

Tuandike basi mfano wa tangazo lililokamilika. Tuseme pambano lilikuwa Jumamosi saa 10 jioni, na tiketi ni shilingi 10,000. Tangazo lingesema hivi:

"Pambano la leo limeahirishwa kabla ya kuanza. Mwamuzi aliukagua uwanja saa 8 mchana na tena saa 9, akaona kwamba haufai kuchezewa. Uamuzi ulifikiwa saa 9.15. Pambano litachezwa Jumatano ijayo saa 10 jioni, katika uwanja huuhuu. Tiketi zote za leo ni halali kwa siku hiyo, pamoja na za wale waliokwisha kuingia uwanjani. Asiyeweza kuhudhuria atarudishiwa shilingi 10,000 kamili, bila makato, kwa simu aliyolipia. Madai yatapokelewa kuanzia leo hadi Jumanne saa 12 jioni. Aliyelipa fedha taslimu aje na tiketi yake katika dirisha la uwanja, Jumatatu na Jumanne, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni."

Tangazo hilo halizidi maneno mia moja, na kila sentensi ina kazi yake. Saa ya ukaguzi inamwonyesha mwananchi kwamba waandalizi hawakungoja viti vijae ndipo waamue. Neno "kabla ya kuanza" linafunga mlango wa ubishi. Siku ya mwisho ya madai inawalinda waandalizi. Neno "bila makato" linazuia gharama ya kutuma fedha isiangukie kwa aliyekosa pambano. Dirisha kuwa wazi hadi saa 12 jioni linamfikia mfanyakazi baada ya saa za kazi.

Mipaka nayo isemwe wazi. Nauli ya mtu aliyetoka Morogoro haitarudishwa, maana hakuna chombo cha michezo kinachoweza kubeba gharama hiyo. Vilevile, aliyenunua tiketi ya shilingi 10,000 kwa mlanguzi kwa shilingi 25,000 atapata 10,000 tu, tena kama ana tiketi mkononi. Huo ni uchungu wa haki, na ni sababu nyingine ya kuwakwepa walanguzi.

Lakini kuna sababu moja, kubwa kuliko zote, inayofanya matangazo mengi yaishie kwenye maneno "utaratibu utatangazwa baadaye". Fedha za mlangoni huanza kugawanywa na kutumika kabla pambano halijachezwa. Aliyekwisha kuzitumia hawezi kutangaza kwamba atazirudisha. Kanuni iwe moja: mapato ya tiketi yakae katika akaunti ya amana hadi filimbi ya mwisho, na gharama za maandalizi zilipwe kutoka katika mfuko mwingine. Mapato hayo si mali ya klabu wala ya shirikisho mpaka pambano limalizike. Ni mali ya wananchi iliyowekwa amana.

Tunawataka viongozi wa michezo waandike masharti ya mvua juu ya kila tiketi na katika ujumbe wa simu anaoupata mnunuzi, kabla msimu haujaanza. Masika huja kila mwaka, na kila mwenye uwanja anajua huja mwezi gani. Anayeuza tiketi za mwezi wa Aprili bila kusema itakuwaje mvua ikinyesha, hawezi kudai kwamba mvua imemshtukiza.