Kiingereza Katika Matangazo: Kipimo Ni Kipi?

Vijana wa Nairobi huchanganya Kiswahili na Kiingereza wazungumzapo, nao waandishi wa matangazo ya biashara huwafuata. Hatuoni kosa katika hilo. Yafaa tu kujua kipi kichanganywe na kipi kisiguswe.

Tuchukue mfano wa tangazo la simu: “Enjoi bando la wikendi! Ofa Sande mpaka tuelvu.” Neno bando lafaa, kwani ndilo kijana alitamkalo dukani. Lakini “enjoi” halimwelezi la kufanya: anunue, au amekwisha kupewa? “Tuelvu” ndilo la hatari zaidi. Mwandishi amekusudia adhuhuri. Mpiga chapa akiandika “saa 12”, msomaji wa Kiswahili ataelewa magharibi. Atafika dukani saa kumi alasiri, akute ofa imekwisha, na kudai kuwa ametapeliwa. Hapo lawama si ya msomaji.

Kwa maoni yetu, Kiingereza kiachiwe jina la bidhaa lililokwisha kuzoeleka. Kitenzi, bei, muda na masharti vibaki katika Kiswahili: “Nunua bando la wikendi. Ofa inaisha Jumapili, saa sita mchana.”

Kabla ya kupigwa chapa, tangazo wasomewe vijana watano, na kila mmoja aeleze peke yake afanye nini na mwisho ni lini. Majibu yakitofautiana, na lirudi mezani kwa mwandishi.