Programu ya hesabu: tuanzie ku karatasi ya depo

Tangu 2018 Leta iliandika upya programu za hesabu na sayansi za mwaka wa 7 na wa 8. Bazazi wengi wanafikiri masomo njo yamebadilika. Kilichobadilika zaidi ni pahali mwalimu anapoanzia. Zamani alifungua kitabu, akafuata kurasa moja moja mpaka mwaka kuisha. Sasa anaambiwa aanze na hali ya maisha: mutoto anapashwa kuweza nini pale?

Wamarekani wawili, Wiggins na McTighe, walieleza njia kama hiyo katika kitabu cha 1998. Kwanza andika kile mwanafunzi atakachoweza. Kisha chagua kitakachoonyesha kama kweli anaweza. Mazoezi yanakuja nyuma.

Tuchukue mfano wa kwetu. Baba anauzisha madini ku depo, anarudi na karatasi. Tunataka mutoto aweze kusema kama hesabu yake iko sawa. Kumuuliza «10% ya 500 ni ngapi» hakutoshi. Mwalimu anamupa karatasi: madini kilo 1000, maji 10%, tenere ya shaba 3%, shaba kilo 27. Mutoto anaeleza: toa maji, inabaki 900, 3% ya 900 ni 27. Sawa. Halafu ya pili, bila kumuonya: kilo 2000, maji 15%, tenere 4%, shaba kilo 64. Hapo anapashwa kupata 68, na mwenye macho ataona kwamba depo ilitoa maji 20%.

Sasa njo tunajua cha kufundisha. Fundo ni moja: asilimia ya nini? Batoto wengi watachukua 3% ya 1000, wapate 30. Wengine watajumlisha 10 na 3, watoe 13 mara moja. Kwa hiyo darasa lipime kilo moja ya mchanga mubichi, liuanike, lipime tena, na kila mutoto aandike maji yalikuwa asilimia ngapi, na ya uzito gani.

Mwalimu akianza na mchanga bila kujua anatafuta nini, batoto watafurahi, mikono itachafuka, na lile swali halitaulizwa. Nimeona masomo mengi ya namna hiyo.

Njia hii haimalizi yote. Kama metoreksi ya depo inasoma vibaya, hesabu itakuwa sawa na baba atapoteza vilevile. Tena mtihani wa Leta ni wa kuchagua jibu, hauombi maelezo. Mwalimu anayepimwa na ule mtihani atarudia mazoezi ya zamani. Na darasa la batoto 60 haliwezi kueleza kwa mdomo moja moja. Hapo mwalimu aombe mstari mmoja tu chini ya kila jibu: «3% ya nini?» Mzazi akifungua karne ya mutoto asipoona mstari kama huo, aende kuuliza mwalimu.